Naomba ushauri: saa yangu haipokei mawimbi ya kujirekebisha

Wakuu habari zenu. Nina saa ya mkono inayojirekebisha kwa mawimbi ya redio. Naishi Oslo, na mtambo wa DCF77 unaorusha mawimbi hayo uko Mainflingen, Ujerumani, zaidi ya kilomita 1,000 kusini. Niliporudi kutoka likizo Dar nilisahau kubadilisha mji kwenye saa, kwa hiyo haikuwa inatafuta mawimbi kabisa. Hilo nimesharekebisha, lakini bado wiki 2 sasa haijapokea hata mara moja.

Mwanzo niliiacha kando ya kitanda, karibu na chaja ya simu. Juzi usiku nikaihamishia dirisha la jikoni linaloangalia kusini, saa 12 ya uso wake ikielekea nje. Kipimo cha nguvu ya mawimbi kikapanda hadi 3, friji likaanza kunguruma, kikaanguka hadi 0.

Nifanyeje? Nyumba ni ya zege, nje kuna kibaraza chenye vyuma. Na Juni hii giza ni fupi mno: niiamuru kupokea saa 7 usiku, au niiache ijaribu yenyewe hadi alfajiri? Aliye huku kaskazini anisaidie, tafadhali.