Wakuu naomba ushauri: wanafunzi wameacha kutamka kama wametumia akili mnemba

Mwl_Jiografia
Habari za jioni wakuu. Nafundisha Jiografia kidato cha tatu, shule ya kutwa. Likizo iliyopita niliwapa ripoti ya kurasa tatu juu ya mmomonyoko wa udongo mtaani kwao. Mtoto wa Kigamboni akaniletea matuta ya milimani na theluji inayoyeyuka.

Mkuu wa shule akataka tulipie programu ya kunasa maandishi ya akili mnemba na kufunga kamera maktaba. Nikamwomba muhula mmoja nijaribu njia nyingine: kila mwanafunzi asaini ahadi ya uaminifu, na mwisho wa kazi aandike alitumia nini na kwa sehemu gani.

Kazi ya kwanza, kati ya wanafunzi 46, walitamka 11. Nikawakata alama tano kila mmoja. Kazi ya pili wametamka 2, na ripoti ni zilezile. Nimekosea wapi?

Baba_Wawili
Mwalimu, weka kamera. Shule ya mwanangu ndoo zilikuwa zinaibwa bwenini kila wiki. Zilipofungwa kamera, wizi ukaisha.

Mwl_Jiografia
Asante mzee wangu, ila hawa ni wa kutwa na kazi wanaifanyia nyumbani. Kamera ya maktaba haitaona simu ya dada yake sebuleni.

Kijana_Takwimu
Tatizo ni mahali pa sahihi. Isainiwe juu ya karatasi kabla ya kuanza kazi. Kuna utafiti wa 2012 ulionyesha wanaosaini mwanzoni hudanganya kidogo kuliko wanaosaini mwishoni.

Mama_Taaluma
Mdogo wangu, utafiti huo uliondolewa na jarida lenyewe mwaka 2021. Ulirudiwa matokeo hayakutokea, kisha ikabainika kuna data ya kughushi ndani yake. Sahihi iwe juu au chini, si hapo penye shida.

Mwalimu, shida ni zile alama tano. Watoto 11 walikwambia ukweli wakalipa, 35 walinyamaza wakapata alama kamili. Darasa zima liliona. Kama kutumia unaruhusu, tamko lisigharimu hata nusu alama. Kinachokatwa ni kutumia bila kutamka. Waambie wazi, na hao 11 warudishie alama zao mbele ya wenzao.

Kisha badilisha swali. "Je, ulitumia akili mnemba?" kwa mtoto linasikika kama la polisi. Mimi nilikuwa nawapa mistari mitatu: nilitumia zana gani, niliiuliza nini, nilibadilisha au nilikataa nini katika ilichonipa. Huo wa tatu ndio wenye kazi. Aliyenakili tu huandika "nilirekebisha sarufi" na kuishia hapo. Aliyefikiri huandika, "iliniambia nipande miti, nikafuta kwa sababu kwetu korongo limeanzia kwenye mfereji wa barabara."

Halafu kila kazi chomoa majina sita kwa bahati nasibu, kaa na kila mmoja dakika nne, ripoti ikiwa mezani. Wachomolewe hata usiowashuku, isije ikawa kuitwa ni kutuhumiwa. Muulize korongo liko upande gani wa nyumba yao. Hapo utajua.

Na programu hiyo mwambie mkuu asiharakishe. OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa ya kwao Januari 2023, wakaiondoa Julai mwaka huohuo kwa kukosa usahihi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, nao mwaka huo walipima programu saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na zaidi ya nusu ya insha hizo zilishukiwa kimakosa. Watoto wetu wanaandika Jiografia kwa Kiingereza hichohicho cha sentensi fupi.

Mzazi_Tanga
Naomba kuongeza. Msiite kiapo. Shuleni kwetu walileta karatasi ya "naapa", wazazi Waislamu na Wakristo tukagoma pamoja, hatuapishi watoto kwa ajili ya ripoti. Walipoandika "naahidi", na maneno wakayatunga wanafunzi wenyewe, hakuna aliyelalamika.

Kijana_Takwimu
Nimekubali kuhusu utafiti. Ila Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walianza mitihani kwa ahadi mwaka 1893, na mwanafunzi alipaswa kumripoti mwenzake. Kipengele hicho mbona hakimo kwenye ushauri wako?

Mama_Taaluma
Kwa kidato cha tatu sikiweki. Mtoto atakayemtaja mwenzake atarudi naye nyumbani kwenye daladala moja. Na Stanford, wenye ahadi kama hiyo tangu 1921, mwaka 2023 walikubali kujaribu tena wasimamizi kwenye mitihani. Kazi za nyumbani zina njia yake, chumba cha mtihani kina yake. NECTA usimamizi utabaki palepale.

Mzazi_Tanga
Hapo sikubaliani nawe dada. Mwanangu alikesha akaandika mwenyewe, wa jirani alinakili, wakapata alama sawa. Wangu anajua. Akinyamaza na yeye anajifunza kitu.

Mwl_Jiografia
Jumatatu nawarudishia wale 11 alama zao na kuwaomba radhi. Kuhusu kutajana bado sijaamua. Mama Taaluma, swali la mwisho: mtoto akitamka "sikutumia chochote", kisha dakika nne zikaonyesha hajui hata ripoti yake inasema nini, ulikuwa unafanyaje?

Mama_Taaluma
Anaiandika upya darasani, kwa mkono, juu ya korongo lilelile. Mara ya kwanza nilikuwa sipeleki jina ofisini. Mara ya pili napeleka.