Naomba ushauri: dira na dhamira ziwe sentensi mbili tu

Wakuu, habari za leo. Tuna duka la pampu za maji Kariakoo, wafanyakazi tisa. Ukutani dira inasema: "Kuwa kampuni inayoongoza kwa huduma bora za maji zenye ubora wa hali ya juu." Dhamira nayo: "Kutoa huduma bora za maji kwa ubora na weledi ili kuongoza sokoni." Juzi mteja alimuuliza kijana wa kaunta, "Sasa nyie hasa mnafanya nini?" Kijana akageuka, akaanza kusoma ukuta. Niliona aibu.

Nikafuta kila neno ambalo hata muuza mitumba jirani angeweza kulisema: bora, ubora, weledi, kuongoza. Likabaki "maji"! Ikabidi niwaulize mafundi wateja wanarudi kwa nini. Wakasema tunapima kina cha kisima kabla ya kuuza pampu, na ikisumbua tunaifuata nyumbani.

Rasimu yangu: "Tunakuuzia pampu inayolingana na kisima chako, na ikisumbua tunakuja kuitengeneza. Tunataka nyumba tuliyofunga pampu isikae bila maji kwa sababu ya pampu."

Nilimpa kijana asome mara moja, nikaficha karatasi. Ya kwanza aliieleza vizuri kwa maneno yake, ya pili ikamkwama. Halafu "tunakuja" ni ahadi: mteja wa Chanika akipiga simu saa mbili usiku je? Mwenzangu naye anang'ang'ania "kuongoza" libaki, eti benki wanalipenda.

Hiyo ya pili mngeiandikaje?