Naomba ushauri: nibaki na PivotTable au nihamie Power BI?

Habari zenu wakuu. Nasimamia maduka matatu ya vifaa vya ujenzi huku Moshi, na kila mwezi nawasilisha mauzo kwa wenye mali. Mwezi uliopita niliumbuka: PivotTable ilisoma mpaka mstari wa 1,200 wakati data ilifika 1,340, na mistari iliyoachwa yote ilikuwa ya duka la Himo. Mzee akauliza, “Mbona saruji ya Himo imeshuka hivi?”

Sasa data nimeigeuza jedwali kwa Ctrl+T na kulifanya chanzo cha PivotTable, nikiongeza mauzo nabonyeza Refresh All, na jumla inalingana na daftari. Ila wazee wanataka kuona kila duka kwenye simu zao. Power BI Desktop ni bure, lakini kuwashirikisha ripoti kwa faragha kunadai leseni ya kulipia kwa kila mmoja. Kwa watazamaji watatu tu, ninyi mngelipia?