Joto linaniua mbioni: tatizo ni misuli, maji au kasi niliyoianza?

Mguu Mwepesi:
Wakuu, naombeni ushauri. Nina kilo 70. Asubuhi yenye ubaridi nakimbia dakika 5 kwa kilomita bila taabu, moyo ukiwa kwenye mapigo 152 hivi. Jumapili nilitoka mchana, jua kali na hewa nzito, nikashika kasi ileile. Kilomita ya 3 mapigo yalikuwa 160, ya 9 yakafika 172, ya 12 yakawa 181 na mapaja yakawa kama mbao. Nilimalizia kwa dakika 6 na ushee kila kilomita, na shavu la mguu likanikaza. Nilikimbia dakika 75 na kunywa nusu lita. Kwenye mizani nilitoka na kilo 70.0, nikarudi na 68.4. Je, misuli yangu ni dhaifu?

Chuma Hakilali:
Hiyo ni chumvi mkuu. Jasho linatoka na chumvi, misuli inakosa nguvu. Kunywa lita moja kila nusu saa, weka na chumvi, utaona.

Nyota ya Alfajiri:
Kilo moja na nusu kwa siku moja! Mimi natafuta kupungua, ulivaa nguo gani?

Mzee wa Saa ya Mkononi:
Nyota, hayo ni maji, yanarudi ukishakunywa. Mafuta hayajaguswa kihivyo.

Mguu Mwepesi, umefanya vizuri kujipima. Umepungua kilo 1.6, ukajumlisha nusu lita uliyokunywa, jasho ni kama lita 2.1, yaani karibu lita 1.7 kwa saa. Ni jasho jingi. Ila jasho linalodondoka chini halikupozi. Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Je, viatu vilikuwa vimelowa?

Mguu Mwepesi:
Vilikuwa vinalia chwaka chwaka!

Mzee wa Saa ya Mkononi:
Basi tupige hesabu. Kwa kasi yako mwili unachoma takriban kalori 840 kwa saa, na sehemu kubwa, tuseme 650, inabaki kuwa joto tupu. Lita moja ya jasho ikikauka yote inaondoa kama kalori 580. Tufanye kwamba kwenye ile hewa nzito mwili ulifaulu kutoa 560 tu. Zinabaki 90. Kwa mtu wa kilo 70, kalori 58 hivi zinatosha kupandisha joto la ndani nyuzi moja. Kwa hiyo ndani ya saa umepanda nyuzi moja na nusu, juu ya ile uliyopanda ulipoanza kupasha mwili. Ungekimbia kwa dakika 5 na nusu, joto lingekuwa kama 590, ziada 30, na ungepanda nusu nyuzi tu. Sekunde 30 zinabadilisha mbio nzima, na ndiyo maana nasema kosa lilikuwa kilomita ya kwanza, si ya 12.

Mapigo nayo yana sababu. Damu inagawanywa kati ya misuli na ngozi, na jasho linapunguza maji ya damu. Kila pigo linasukuma kidogo, hivyo moyo unaongeza mapigo ili kufidia.

Gurudumu Moja:
Mimi naendesha baiskeli ya ndani. Bila feni nakata pumzi dakika ya 40. Feni ikiwaka namaliza saa nzima kwa nguvu ileile. Miguu ni hiyohiyo.

Mzee wa Saa ya Mkononi:
Umenisaidia kueleza. Kwenye maabara, waendesha baiskeli wamekuwa wakiishiwa nguvu joto la ndani likikaribia nyuzi 40, hata walipoanza wakiwa wamepozwa. Walichelewa tu kufika hapo. Misuli iliyochoka hivyo ikishtuliwa kwa umeme bado inavuta. Ubongo ndio unaopunguza amri. Kwa hiyo mapaja yako si dhaifu.

Chuma, umegusa kitu kuhusu chumvi, lakini lita 2 kwa saa ni hatari. Anatoa 1.7, akinywa zaidi ya anachotoa, chumvi ya damu inazimuliwa na anaweza kuzidiwa vibaya.

Chuma Hakilali:
Sawa, kiasi nimekosea. Lakini shavu la mguu lililokaza?

Mzee wa Saa ya Mkononi:
Hapo wataalamu wenyewe wanabishana. Wengine wanasema chumvi, wengine uchovu wa neva zinazoendesha msuli.

Jaribu hivi: anza kwa 5:30, mapigo yasizidi 160 nusu ya kwanza, jimwagie maji kichwani na mikononi. Rudia karibu kila siku kwa siku 10 hadi 14, mwili utaongeza maji ya damu na kuanza kutoa jasho mapema. Ukisikia baridi juani, ukipepesuka au ukichanganyikiwa, simama na upozwe kwa maji baridi mara moja.

Mguu Mwepesi:
Mrejesho baada ya siku 12: mchana uleule, nimeanza 5:30, kilomita ya 12 mapigo 163, na za mwisho nimekimbia 5:20. Shavu la mguu limekaza tena kilomita ya 13, ingawa safari hii nilikunywa maji yenye chumvi.