Mtu nisiyemjua katokea nyuma ya picha yangu, shemeji kamtagi kwa jina. Nitoe tagi au nifute picha nzima?

Kibwebwe

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kabla sijaamua, maana nyumbani tumegawanyika.

Tulikwenda matembezini kwenye maporomoko ya maji, nikapigwa picha, nikaiweka Facebook, watazamaji marafiki tu. Mimi niko mbele, maji nyuma yangu. Kushoto, hatua chache nyuma, kuna benchi: mwanaume wa shati la mistari anakula, na mwanamke aliyeipa kamera mgongo. Siwajui wote wawili. Shemeji yangu anamjua mwanaume, wanafanya kazi pamoja. Akamtagi juu ya picha, kisha akamtaja tena kwa jina na kushusha komenti: "Bosi, kumbe ile likizo ya ugonjwa inaliwa huku?" na vicheko kibao.

Yule bwana kaniandikia inboksi. Hajatukana wala kutisha. Anaomba picha iondoke yote, na anauliza imeonwa na watu wangapi. Shemeji anasema pale ni mahali pa wazi, asiyetaka kuonekana akae kwake. Mume wangu anasema toa tagi, picha ibaki. Picha yenyewe naipenda, na watu wameandika maneno mazuri chini yake. Nimsikilize nani?

Jiwe_la_Pembeni

Shemeji yako yuko sahihi. Mahali pa wazi kila mtu anapiga picha, huwezi kumwomba ruhusa kila anayepita nyuma yako. Toa tagi kwa heshima tu, mambo yaishe. Mkianza kufuta picha kwa sababu ya watu wa nyuma, hakuna atakayebaki na albamu.

Mzee wa Lenzi

Jiwe umepata nusu. Kupiga picha na kumtaja aliyemo ni mambo mawili, na ugomvi huu wote uko kwenye la pili.

Ujerumani wana sheria ya mwaka 1907 kuhusu picha za watu, na bado inatumika. Kimsingi picha ya mtu haitolewi hadharani bila ridhaa yake, lakini wameweka nafasi kwa mtu ambaye ni sehemu ndogo tu ya mandhari. Kipimo ni rahisi: mwondoe mtu huyo, je, picha inabaki ileile? Kwako ilikuwa inabaki ileile. Maporomoko, dada kasimama, na huko nyuma mtu anakula. Shemeji alipoweka jina, macho ya kila mtu yakahama kwenye maji yakaenda kwenye benchi. Mtu aliyekuwa pambo akageuka kuwa habari yenyewe.

Halafu ile komenti. Sasa kuna jina, sura, mahali, siku, na habari kwamba yuko likizo ya ugonjwa. Hilo la mwisho ndilo zito. Kuna kesi kutoka Uswidi iliyoamuliwa na Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2003. Mama mmoja wa kanisani alitengeneza ukurasa wake wa mtandao, akaandika habari za wenzake kwa namna ya utani mwepesi. Kuhusu mmoja wao aliandika kwamba ameumia mguu na anafanya kazi nusu muda kwa sababu za kiafya. Mahakama ikasema hiyo ni habari ya afya ya mtu, na kwamba ukiiweka mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuifikia huwezi kujitetea kuwa ni mambo ya nyumbani. Sisemi utashitakiwa, dada. Ukurasa wa yule mama ulikuwa wazi kwa dunia nzima, wako ni wa marafiki, na sheria za nchi hazifanani. Nakuonyesha tu kwamba utani wa shemeji una uzito kuliko anavyodhani.

Na usiliamini sana lile neno "marafiki tu". Tagi ya Facebook ikishakubaliwa, posti yako inaweza kuonekana pia na marafiki wa aliyetagiwa. Maana yake picha ya benchi huenda imeshafika kwa walewale anaofanya nao kazi, watu ambao wewe hujawahi kuwaona.

Kibwebwe

Mzee wa Lenzi, hilo la marafiki zake sikulijua kabisa. Kwa hiyo nikitoa tagi, nao hawaioni tena?

Mzee wa Lenzi

Tagi ikitoka, mlango ule unafungwa. Lakini komenti inabaki na jina lake limeandikwa, kwa sababu tagi ya juu ya picha na jina ndani ya komenti ni vitu viwili. Wengi hutoa cha kwanza wakadhani wamemaliza.

Mimi ningefuata mpangilio huu. Kwanza badilisha watazamaji wa posti iwe wewe peke yako. Maneno mazuri uliyoandikiwa hayapotei, ila hakuna anayeingia wala kuchukua nakala wakati unashughulika. Kisha toa tagi. Kisha futa komenti ya shemeji na majibu yote yaliyoning'inia chini yake. Posti ni yako, huhitaji kumwomba. Baada ya hapo ndipo ufikirie picha. Ukitaka kuirudisha, kata upande wa kushoto hadi benchi litoke lote, uipandishe upya kama posti mpya. Na kwenye mipangilio yako washa ukaguzi wa tagi, ili mtu akitagi kwenye posti zako isubiri idhini yako kwanza.

Swali lake la watu wangapi huwezi kulijibu, Facebook haikuonyeshi nani ametazama picha ya akaunti ya kawaida. Mwambie hivyohivyo. Unaweza kumwambia ni nani kati ya wafanyakazi wenzake aliyekomenti au kulaiki, kama wapo na unawajua.

Shati la Bluu

Naandika kama mtu aliyewahi kukaa kwenye hilo benchi, kwa maana ya mfano. Picha ya mtu nisiyemjua, mimi niko nyuma nanunua kitu, uso wangu umezibwa na emoji kubwa ya jua. Bado watu walinitambua. Shati, mkoba, jinsi ninavyosimama nimeegemea mguu mmoja. Mpwa wangu alinipigia simu, "Mjomba, hili jua ni wewe." Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba uso ukizibwa imekwisha, hasa jina likiwa limeshatajwa. Mwenye kujua anatafuta shati tu.

Na kuhusu huyo bwana, watu wataanza kuhukumu kwamba alidanganya kazini. Mtu anaweza kuwa likizo ya ugonjwa na daktari akamwambia atoke, apate hewa. Anaweza pia kuwa mdanganyifu. Picha haijui.

Jiwe_la_Pembeni

Kama hana cha kuficha, anahangaika nini?

Shati la Bluu

Jiwe, andika hapa uko wapi sasa hivi na nani, halafu tuendelee.

Chekundu Chekundu

Mimi nina jambo linalofanana. Nilipiga picha ya jua likizama, kumbe chini yake kuna kijana kapiga goti anamvisha mchumba pete! Imetoka nzuri ajabu. Dada, nadhani usiwaogope watu wa nyuma, watagi, watafurahi! Mimi nataka kuiposti kila mahali, "tuwatafute hawa wapenzi", watu wasambaze hadi wapatikane. Nianzie wapi?

Mzee wa Lenzi

Chekundu, dada hataki kumtagi mtu, anataka kumtoa. Ila swali lako ni zuri.

Usipandishe nyuso zao. Hujui kama msichana alisema ndiyo, wala kama nyumbani kwao wameshajua. Andika maelezo tu: mahali, siku, saa ya jua kuzama, kwamba unayo picha ya wawili na ungependa kuwapa. Kama lazima uweke picha, weka ile ambayo wao ni vivuli vyeusi mbele ya jua. Bakiza jambo moja usiliandike, tuseme rangi ya nguo yake au kitu alichoshika. Anayekuja inboksi akisema ni yeye, muulize hilo. Akilijua, mtumie picha yeye peke yake, na uamuzi wa kuiposti uwe wao. Ukisambaza sura zao watu wataanza kukisia, na watataja majina ya watu ambao hata hawakuwepo.

Chekundu Chekundu

Mhh. Lakini bila sura nani atasambaza? Ngoja nifikirie.

Fundi Pikseli

Naongeza kidogo kuhusu kuziba, kwa sababu naona makosa yaleyale. Ukitumia ile kalamu ya kuangazia kwenye simu, hata ukipaka nyeusi mara tatu, wino wake unapitisha mwanga. Mtu akipandisha mng'ao wa picha, sura inarudi. Tumia umbo lililojaa rangi, au kata kabisa. Na kwenye iPhone, ukimtumia mtu picha uliyokata pamoja na data zake zote, anaweza kurudisha ya mwanzo kwa kubonyeza tu. Salama zaidi ni kupiga skrinishoti ya picha iliyokatwa, kisha utumie hiyo skrinishoti.

Dada wa Zamu

Nimesoma hadi hapa, hakuna aliyemtaja mwanamke. Yeye hakutagiwa, hajaandika inboksi, na sura yake haionekani. Lakini jina la mwanaume likishajulikana, swali la pili la kila mtu ni "na huyo aliye naye nani?" Anaweza kuwa dada yake, mke wake au muuguzi wake. Kwa hiyo mume wako akisema toa tagi picha ibaki, anampima mtu mmoja wakati benchi lina wawili.

Kibwebwe

Ahsanteni wote. Nimefunga posti, tagi imetoka, komenti imefutwa. Nimekata kushoto, na kusema kweli picha haijapungua kitu, benchi lilikuwa pembezoni. Nimemwandikia yule bwana, kashukuru. Shemeji kanuna, anasema nimemfanya aonekane mbaya.

Limebaki moja. Kabla ya yote haya shemeji alishaituma picha ya mwanzo kwenye kundi la WhatsApp la kazini kwao. Nimejua leo. Yule bwana hajui, au hajaniambia. Nimwambie?

Jiwe_la_Pembeni

Usimwambie. Utawasha moto uliokwisha zimika, na shemeji ni ndugu.

Dada wa Zamu

Mwambie. Kauliza nani ameiona, na sasa jibu unalo. Afadhali alisikie kwako leo kuliko kwa mkubwa wake wa kazi.

Mzee wa Lenzi

Anza na shemeji. Kwenye WhatsApp aliyetuma anaweza kuufuta ujumbe kwa wote, lakini muda wake una mwisho, ni siku mbili na ushee tu. Muulize alituma lini. Kama muda haujapita aifute sasa hivi. Kama umepita, aulizwe msimamizi wa kundi kama bado anaweza kuifuta. Ambao simu zao zimeshaihifadhi, hao hatuwafikii.

Kibwebwe

Alituma juzi usiku. Nampigia.