Barua ya bima hii hapa, nichukue keshi au gari liende gereji yao?

BabaNaima_Tabata
Wakuu habari za jioni. Nina IST, niligongana na Noah pale Buguruni mwezi uliopita, mbele yote imeingia ndani. Nina bima kubwa. Leo barua imetoka, picha nimeweka hapo chini ila naiandika pia kwa wenye simu ndogo:

Hasara iliyokadiriwa 5,200,000
Toa uchakavu 1,560,000
Toa eksesi 520,000
Kinacholipwa 3,120,000

Gereji niliyoenda mwenyewe walinipa makadirio ya 6,800,000. Sasa kampuni wananiambia nichague, nisaini nichukue hiyo 3,120,000 keshi nijitengenezee, au gari liende gereji yao. Mimi naona bora gereji yao maana pale sitoi hata mia. Mnashaurije?

Mwanadada_Sinza
Kwanza futa hiyo picha uweke upya, namba ya polisi ya bima na ya gari zinaonekana zote. Pili umekata chini, maandishi madogo hayapo, na huko ndiko wanakoficha mambo.

fundi_Keko
Chukua keshi. Nakutengenezea hiyo gari kwa 2,600,000 na chenji inabaki. Bampa used, boneti used, taa used za Japani, rangi nzuri kabisa. Gereji za bima watu wanakaa miezi wanasubiri spea.

Kisauti
Mimi wamekataa kunilipa hospitali, kadi ilikuwa imeisha siku 3 tu. Hivi nayo inaweza kukatiwa rufaa?

Mwanadada_Sinza
@Kisauti hapa ni bima ya gari kaka, ya afya fungua uzi wako.

Mkadiriaji_mstaafu
Baba Naima, kuna vitu hujasema. Gari la mwaka gani? Eksesi kwenye polisi yako imeandikwaje? Na ripoti ya asesa unayo? Namaanisha ile yenye orodha ya spea moja moja na bei zake. Barua peke yake haitoshi kushauri. Ila kitu kimoja nakwambia leo leo, hilo wazo la kwamba ukienda gereji yao hutoi hata mia lifute kichwani. Kampuni itamlipa mwenye gereji 3,120,000 ile ile, na iliyobaki, 2,080,000, unadaiwa wewe getini siku ya kuchukua gari. Uchakavu na eksesi vinakufuata kokote uendako.

BabaNaima_Tabata
Duh, hilo hakuna aliyeniambia, hata broka. Gari ni ya 2008. Eksesi wameandika asilimia 10 ya klemu. Ripoti sina, kesho naifuata ofisini.

Chuma_cha_Pwani
Eksesi hutakiwi kukatwa kabisa kama mwenye makosa ni huyo wa Noah. Wanakuibia.

Mkadiriaji_mstaafu
@Chuma umegusa nusu yake. Akipitia bima yake mwenyewe eksesi anakatwa hata kama hana kosa hata kidogo, halafu anaidai kwa bima ya aliyemgonga akiwa na ripoti ya polisi inayoonyesha nani ana makosa. Pesa yake anaweza kuirudisha, ila sio kupitia barua hii.

Mwanadada_Sinza
Ngoja niwaambie yangu ndio mjue keshi ni nini. Mwaka juzi nilipigwa mbele na mimi nikashangilia keshi, kwenye barua kilichokuwa kinalipwa ni milioni 2 na laki 4, nikasaini siku hiyo hiyo hata sijasoma maana nilikuwa na shida zangu. Nikaenda kwa fundi wa mtaani, akafungua bampa, kumbe ile kroso memba ya chini imepinda na kondensa ya AC imetoboka, vitu ambavyo asesa hakuviona maana alipiga picha gari likiwa limefungwa. Nikarudi ofisini, wakanitolea karatasi niliyosaini, imeandikwa nimepokea malipo kamili na ya mwisho na sina dai lingine. Nililia pale kaunta jamani. Nikaongeza laki 9 zangu. Jirani yangu aliyepeleka gari gereji yao, baada ya kufunguliwa, wakaonekana vitu vingine, gereji wakamwita asesa tena akaongeza, yeye hakuumia hivyo. Kwa hiyo mimi nasema gereji.

fundi_Keko
Dada huyo fundi wako ndio angefungua kwanza kabla hujasaini. Kosa sio keshi.

Mwanadada_Sinza
Sawa, ila nani aliniambia?

BabaNaima_Tabata
Nimerudi. Ripoti nimeipata baada ya kuzungushwa asubuhi nzima. Spea jumla 3,400,000, kazi ya bodi na rangi 1,800,000. Ile makadirio yangu ya 6,800,000 asesa amepunguza bei za spea na siku za kazi. Kwenye maandishi madogo polisi inasema uchakavu wa spea kwa gari la umri wangu ni asilimia 30.

Mkadiriaji_mstaafu
Hapo sasa. Chukua kalkuleta ya simu. 1,560,000 gawa kwa 5,200,000, unapata asilimia 30 kamili. Maana yake wamekata kwenye hasara yote, pamoja na kazi ya fundi na rangi. Lakini polisi yako imesema spea. Na ina mantiki, anayefunga boneti mpya kwenye gari la 2008 amepata kitu kipya badala ya cha zamani, ndio maana anachangia, ila jasho la fundi halichakai. Asilimia 30 ya 3,400,000 ni 1,020,000. Tofauti ni 540,000 na ni yako. Hata eksesi ikibaki 520,000, kinacholipwa kinapanda mpaka 3,660,000.

Halafu angalia kwenye orodha, spea gani ameandika used. Ukishawekewa bei ya used, kukatwa uchakavu tena ni kukatwa mara mbili.

BabaNaima_Tabata
Taa zote mbili kaandika used!!

Chuma_cha_Pwani
Na hiyo eksesi nayo si ingekatwa baada ya uchakavu? 10% ya 4,180,000 ni 418,000, anapata 3,762,000.

Mkadiriaji_mstaafu
Hapo ndipo watu hubishana. "Ya klemu" wengine wanaisoma hasara nzima, wengine kinachobaki. Uliza, ila hiyo laki 1 na elfu 2 usiifanye ndio vita yako kuu, ile 540,000 ndio ina karatasi nyuma yake. Andika barua, ambatisha ukurasa wa polisi na ripoti, omba mchanganuo kwa maandishi. Usisaini dischaji vocha kwanza, ndio ile karatasi ya malipo kamili na ya mwisho aliyosaini dada wa Sinza. Wakikaa kimya, TIRA wapo, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

fundi_Keko
Wakati anaandika barua gari linaota kutu uani. Mimi bado nasema keshi, ila alete nifungue mbele kwanza tuone kroso memba.

Mwanadada_Sinza
Akishafungua wewe, asesa atasema imeharibika kwako.

fundi_Keko
Apige simu aje, tufungue akiwepo. Nimefanya hivyo mara nyingi tu.

BabaNaima_Tabata
Barua nimepeleka leo, wamegonga muhuri kwenye kopi yangu. Dada wa klemu kaangalia ripoti kanyamaza, akasema atarudi kwa bosi wake. Keko uko upande gani, wa reli au wa sokoni?

fundi_Keko
Wa reli, ukifika uliza gereji ya mwembe.

Chuma_cha_Pwani
Hivi bodi ya IST na ya Ractis boneti zinaingiliana? Nauliza tu nina moja nauza.