Tupeane uzoefu: nani mwingine anajifunza lugha kwa kuipambanisha na methali zetu?

Shungi: Wadau, niko kwenye Kijerumani na nimechoka kukariri maneno yaliyopangwa kama majina ya wapiga kura. Siku hizi nachukua methali yao, naiwekea ya kwetu pembeni, halafu naichambua. Mfano:

*Wer anderen eine Grube gräbt, fällt selbst hinein.*
Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kwetu "m-" ya mchimba inatosha kumtaja mtu yeyote mwenye tabia hiyo. Wao kazi hiyo wameipa *wer*. Ndani ya kipande cha *wer* kitenzi kinakwenda mwisho (*gräbt*), na kipande cha pili kinaanza na kitenzi (*fällt*), kwa hiyo vitenzi viwili vinatazamana, koma katikati. Sasa angalia *Wer A sagt, muss auch B sagen*, yaani ukiyavulia nguo maji sharti uyaoge. *Sagt*, koma, *muss*. Mpangilio uliokuwa ukinitesa kwenye kitabu umekaa kichwani bila kuuimba. Nyie mnafanyaje?

Mzee wa Pembeni: Hapo umegusa penyewe. Na usipite haraka kwenye *gräbt* na *fällt*. Vitenzi vyenyewe ni *graben* na *fallen*. Irabu inageuka mtendaji akiwa yule mmoja anayesemwa. Methali moja imekupa viwili vya aina hiyo. Na *hinein* pale mwisho ni kipande cha *hineinfallen* kilichokatika kikatupwa nyuma.

Kibatari: Mimi naipenda *Wer zuerst kommt, mahlt zuerst*. Anayekuja kwanza anachora kwanza. Nadhani ni mambo ya watoto kugombania rangi.

Mzee wa Pembeni: Maana ya jumla umeipata, picha umeikosa. *Malen* bila h ndiyo kuchora. Hii yenye h ni kusaga nafaka, na masikio hayatakusaidia kwa sababu zinatamkwa sawa. Watu walipanga foleni kwenye kinu cha kusagia, na kanuni hiyo imo hata kwenye Sachsenspiegel, kitabu cha sheria cha karne ya 13. Sisi tukasema atanguliaye kisimani hunywa maji maenge. Wao kinu, sisi kisima.

Kibatari: Aisee, nimekuwa nikiwachora wasaga unga muda wote huu 😂

Mama Wawili: Kwani si tunakusanya methali? Naongeza: mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Shungi: Mama, tunazilinganisha na za lugha nyingine, ila hiyo imekuja kwa wakati. Ya karibu niliyonayo ni *Wer rastet, der rostet*: anayepumzika hushika kutu. Haifanani sana. Yetu inamsifu anayehangaika, yao inamtisha aliyekaa. Halafu hapa *der* imejipenyeza baada ya koma, kwa hiyo ile sheria yangu ya vitenzi kutazamana si ya kila mahali.

Jahazi: Niwatoe kwenye Kijerumani kidogo. Kwenye Kiarabu nilikuta *al-haraka baraka*. Nikajua hii ni haraka haraka haina baraka, imedondosha tu ukanushi. Kumbe *haraka* kwao ni mwendo, kujishughulisha: ukijongea unapata baraka. Ndugu yake wa kweli ni huyo mgaagaa wa Mama Wawili! Kwa ile yetu ya haraka wao wanasema kuharakisha kunatoka kwa shetani.

Mama Wawili: Mnaona sasa.

Bi Tashtiti: Methali sawa, lakini kwenye nahau mwangalie mnayoziandika kama jozi. *Ins Gras beißen*, kung'ata nyasi, ni kufa. Mtu akiandika "kuaga dunia" pembeni yake, siku moja atakwenda nayo msibani. Ni ya kijiweni, jozi yake ni "kukata kamba". Mimi naongeza safu ya tatu: inasemwa na nani, kwa nani. Hata *Wer nicht hören will, muss fühlen*, ambayo mtaipachika asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ni kauli ya mzazi mkali, na wengi leo wanasikia kiboko ndani yake.

Shungi: Safu ya tatu naiba. Basi nisaidie hii: *Der Apfel fällt nicht weit vom Stamm*, tufaha halianguki mbali na shina. Nimeweka mtoto wa nyoka ni nyoka.

Bi Tashtiti: Hapana. Ukimwambia mtu hivyo kwa Kiswahili umemtukana yeye na babake. Ile ya tufaha mtu anaweza kuisema huku akicheka, mtoto akipiga kinanda kama mamake.

Mzee wa Pembeni: Mara nyingi lakini inasemwa kwa kejeli. Mimi ningebaki na nyoka.

Jahazi: Maji hufuata mkondo?

Bi Tashtiti: Inakaribia. Ila hapo mtoto simwoni.